Hisa zikigawanywa mara tano, mbona mizania yangu haibalansi?

*"Mwalimu, shikamoo. Nasomea uhasibu hapa Mombasa na nimekwama kwenye zoezi moja. Kampuni ina hisa 1,000,000 za thamani ya Sh10. Tarehe 1 Julai inanunua hisa zake yenyewe 100,000 kwa Sh40 na kuziweka kama hisa za hazina. Tarehe 1 Oktoba inagawanya hisa, moja inakuwa tano, na thamani inashuka hadi Sh2. Januari inauza hisa 200,000 za hazina kwa Sh11, halafu Machi inatangaza gawio la Sh1 kwa hisa. Mimi mtaji wa hisa nimeuzidisha kwa tano ukawa milioni 50, na mizania imepishana kwa milioni 40. Nilipouza hisa za hazina nikapata hasara ya 5,800,000, na akaunti yenyewe ikageuka krediti. Nimekosea wapi?"*

Marahaba, mwanangu. Una makosa mawili, na yote yametoka kwenye mgawanyo wa tarehe 1 Oktoba. La kwanza, umezidisha pesa mahali pa kuzidisha idadi. La pili, umezigawanya hisa za wanahisa ukazisahau zile zilizo mikononi mwa kampuni yenyewe. Ukirekebisha hayo mawili hasara yako inatoweka, na badala yake inatokea ziada ya 600,000, ingawa nayo haiendi mahali ambapo wengi hudhani.

Nianze na Julai, kwa sababu hiyo ndiyo tarehe ambayo mtaji wa wanahisa uliguswa kweli. Kampuni ilitoa Sh4,000,000 benki ikawapa wanahisa waliokubali kuuza. Pesa zimetoka, na kilichoingia ni karatasi za kampuni ileile. Kampuni haiwezi kujidai yenyewe, wala haiwezi kujilipa gawio ikasema imepata kipato. Kwa hiyo hisa hizo haziwi mali hata siku moja. Ukiziona kwenye orodha ya mali ya mtu, karibu na uwekezaji, jua hajaelewa. Zinakaa ndani ya mtaji wa wanahisa kwa alama ya kutoa, kwa bei iliyolipwa:

Debiti Hisa za hazina 4,000,000. Krediti Benki 4,000,000.

Mtaji wa hisa wa Sh10,000,000 haukuguswa hapa, na wanafunzi wengi huona ajabu. Hisa zile 100,000 bado zimetolewa kisheria, hazijafutwa, kwa hiyo bado zinahesabiwa ndani ya ile milioni moja. Ila hazipigi kura na hazipati gawio, maana mwenye nazo ni kampuni yenyewe. Tangu siku hiyo una idadi mbili za kubeba kichwani: hisa zilizotolewa, 1,000,000, na hisa zilizo mikononi mwa wanahisa, 900,000. Sehemu kubwa ya makosa ninayoyasahihisha kwenye mada hii yanatokana na mtu kutumia idadi moja pale palipotaka nyingine.

Sasa Oktoba. Kugawanya hisa ni uamuzi wa wanahisa kwamba kila hisa moja yenye thamani ya usoni ya Sh10, yaani ile iliyoandikwa kwenye nyaraka za kampuni, iwe hisa tano zenye thamani ya Sh2 kila moja. Hakuna aliyeleta pesa na hakuna aliyepewa. Hisa 1,000,000 kwa Sh10 ni milioni 10. Hisa 5,000,000 kwa Sh2 ni milioni 10 ileile. Kwenye leja huandiki debiti wala krediti. Unachofanya ni kuandika maelezo kwamba idadi na thamani ya usoni zimebadilika, na rejista ya wanahisa inarekebishwa. Wewe ulichukua hisa milioni tano ukazizidisha kwa Sh10 ya zamani. Ndiyo maana ukapata milioni 50, na ile milioni 40 iliyozidi haina pa kutoka.

Nimekuwekea hatua hizi kwenye jedwali. Sijui kama zoezi linakupa akaunti ya ziada ya bei ya hisa, yaani pesa zilizolipwa juu ya thamani ya usoni. Swali lako halikuitaja, kwa hiyo nimejaza mwenyewe ziada ya milioni 15 na limbikizo la faida la milioni 30, ili uone mtaji mzima. Limbikizo la faida nimeliacha palepale katika safu zote tatu ili faida ya mwaka isituchanganye. Weka tarakimu zako badala ya zangu, mwendo hautabadilika.

| | Kabla ya Julai | Baada ya kununua | Baada ya mgawanyo |
|---|---|---|---|
| Mtaji wa hisa | 10,000,000 | 10,000,000 | 10,000,000 |
| Ziada ya bei ya hisa | 15,000,000 | 15,000,000 | 15,000,000 |
| Limbikizo la faida | 30,000,000 | 30,000,000 | 30,000,000 |
| Hisa za hazina | – | (4,000,000) | (4,000,000) |
| Jumla ya mtaji | 55,000,000 | 51,000,000 | 51,000,000 |
| Hisa zilizotolewa | 1,000,000 | 1,000,000 | 5,000,000 |
| Hisa za hazina (idadi) | – | 100,000 | 500,000 |
| Mikononi mwa wanahisa | 1,000,000 | 900,000 | 4,500,000 |

Soma safu ya mwisho polepole. Mistari yote ya pesa imebaki kama ilivyokuwa, na mistari yote ya idadi imezidishwa kwa tano, pamoja na ule wa hisa za hazina. Hapo ndipo kosa lako la pili lilipo. Mgawanyo wa aina hii unabadilisha kila hisa iliyotolewa, na hisa za hazina zimo ndani ya zilizotolewa. Kama zingeachwa nje, kampuni ingekuwa na hisa za aina moja zenye thamani mbili za usoni, nyingine Sh2 na nyingine Sh10. Kwa hiyo zile 100,000 zimekuwa 500,000. Gharama yake, Sh4,000,000, haikusogea, kwa sababu hakuna aliyelipa kitu kipya. Kilichoshuka ni gharama ya hisa moja, kutoka Sh40 hadi Sh8.

Wewe uliacha idadi ikiwa 100,000 na gharama ikiwa Sh40. Januari ikafika, ukaambiwa uuze 200,000. Hapo ungeshtuka, maana ulikuwa unauza hisa nyingi kuliko ulizonazo! Zoezi lenyewe lilikuwa limekupigia kengele. Badala yake ukazidisha 200,000 kwa Sh40, ukapata gharama ya milioni 8 kwenye akaunti yenye milioni 4. Ndiyo maana akaunti ikageuka krediti, na hasara ya 5,800,000 ikazaliwa.

Kabla sijaingia Januari, nataka ukae kidogo kwenye jambo la thamani ya usoni. Zoezi lako limekurahisishia kwa kusema imeshuka hadi Sh2. Kuna migawanyo ambayo thamani ya usoni haishuki, na huko jibu ni tofauti.

Kwa soko la Nairobi, mtindo uliozoeleka ni huu wa zoezi lako. Equity Bank ilipogawanya hisa zake mwaka 2009, moja ikawa kumi, na thamani ya usoni ikashuka kutoka Sh5 hadi senti 50. Hisa kama milioni 370 zikawa kama bilioni 3.7. Zidisha pande zote mbili, utapata mtaji wa hisa wa takribani Sh1.85 bilioni kabla, na huohuo baada. KCB nayo miaka miwili kabla ilishusha kutoka Sh10 hadi Sh1. Katika kampuni zote mbili mhasibu hakuwa na kazi ya leja, kazi ilikuwa ya msajili wa hisa.

Sasa tazama Coca-Cola ya Marekani, ambayo napenda kuitumia kwa sababu ina mambo yote mawili uliyoniuliza, mgawanyo na hisa za hazina, kwenye ukurasa mmoja. Mwaka 2012 wanahisa wake waliidhinisha hisa moja iwe mbili. Thamani ya usoni ilikuwa robo dola, na ikabaki robo dola. Hisa zilizotolewa zilikuwa milioni 3,520, zikawa milioni 7,040. Ukizidisha kwa 0.25, mtaji wa hisa ulikuwa dola milioni 880 na sasa lazima uwe milioni 1,760. Mstari umepanda maradufu, na hakuna mwekezaji aliyeleta hata senti.

Hiyo milioni 880 ilitoka akaunti ya jirani. Katika hesabu za mwisho wa 2011 kama zilivyochapishwa kwanza, ziada ya mtaji ilikuwa dola milioni 11,212. Katika hesabu za 2012, tarakimu hiyo ya 2011 imeonyeshwa upya kama milioni 10,332. Toa moja kwenye nyingine: 880. Imehamishwa kutoka ziada ya mtaji kwenda mtaji wa hisa, jumla ikabaki ilivyokuwa.

Halafu angalia hisa zake za hazina. Mwisho wa 2011 zilikuwa milioni 1,257. Baada ya mgawanyo idadi hiyo ikaonyeshwa kama milioni 2,514. Gharama yake ikabaki dola milioni 31,304 bila kupungua wala kuongezeka. Ni kitu kilekile cha zile 100,000 zako kuwa 500,000.

Mwisho wa 2012, baada ya kununua hisa zaidi katika mwaka, mtaji wa Coca-Cola ulisomeka hivi, kwa mamilioni ya dola: mtaji wa hisa 1,760, ziada ya mtaji 11,379, faida iliyolimbikizwa 58,045, mapato mengine yaliyolimbikizwa, ambayo yalikuwa hasi, 3,385, na hisa za hazina, hasi pia, 35,009. Jumla ni 32,790. Yaani makato ya hisa za hazina yalikuwa makubwa kuliko mtaji wote uliobaki. Mtu asiyejua anaweza kudhani kampuni ilikuwa taabani, kumbe kwa miaka mingi ilikuwa ikiwarudishia wanahisa pesa kwa kununua hisa zao, na kila ununuzi uliandikwa hapo kwa bei ya siku yake. Kwa sababu hiyo siachi mtu apime afya ya kampuni kwa jumla ya mtaji peke yake kabla hajaangalia mstari wa hazina.

Turudi kwako. Tuseme kampuni ya zoezi lako ingeacha thamani ya usoni ikae Sh10 na bado ikataka hisa milioni tano. Mtaji wa hisa ungekuwa milioni 50 kweli, kama ulivyoandika, lakini ile milioni 40 lazima ichotwe mahali. Kwa tarakimu zangu, ziada ya milioni 15 ingekwisha yote, na milioni 25 zaidi zingetoka kwenye limbikizo la faida, likabaki na milioni 5. Jumla ya mtaji haijabadilika. Ila uwezo wa kutoa gawio umebadilika sana, kwa sababu kilichohamia mtaji wa hisa kimefungiwa humo na hakigawiwi tena kama faida. Hapa Kenya tendo hilo tungeliita utoaji wa hisa za bonasi, nne kwa kila moja. Sokoni bei hushuka kwa namna ileile, na mwanahisa wa kawaida haoni tofauti kwenye akaunti yake ya hisa. Tofauti iko kwenye vitabu, na mtahini anajua hivyo. Kwa hiyo kabla hujagusa kalamu, tafuta sentensi inayosema thamani ya usoni imefanywaje. Ikiwa imeshuka kwa uwiano, huna jarida la kuandika. Ikiwa imebaki, lazima uhamishe. Na hapo pia usome azimio linasema nini kuhusu hisa za hazina, kwa kuwa bonasi ni hisa mpya zinazotolewa, na kampuni inaweza kuamua hazina isipewe.

Januari sasa. Hisa 200,000 za hazina zinauzwa kwa Sh11, benki inapokea Sh2,200,000. Gharama yake ni 200,000 kwa Sh8, yaani Sh1,600,000. Tofauti ni Sh600,000:

Debiti Benki 2,200,000. Krediti Hisa za hazina 1,600,000. Krediti Ziada ya bei ya hisa 600,000.

Hiyo 600,000 usiipeleke kwenye taarifa ya faida na hasara. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu IAS 32 kinakataza waziwazi: kampuni ikinunua, ikiuza, ikitoa au ikifuta hisa zake yenyewe, haipati faida wala hasara. Sababu yake ukiifikiri ni nyepesi. Wakurugenzi ndio wanaojua habari za kampuni mapema kuliko soko. Kama biashara ya hisa zao wenyewe ingehesabiwa faida, wangeweza kununua kabla ya habari njema na kuuza baadaye, halafu wakaripoti mwaka mzuri hata kama hawakuuza bidhaa yoyote. Zaidi ya hapo, hii ni miamala na wenye kampuni. Kilichopokewa kutoka kwao ni mtaji, sawa na siku hisa zilipouzwa kwa mara ya kwanza.

Je, kama zingeuzwa kwa Sh6? Upungufu wa Sh400,000 nao hauendi kwenye faida na hasara. Unabaki ndani ya mtaji. Kwa mtindo wa vitabu vya Marekani unakula kwanza ziada iliyotokana na mauzo ya awali ya hisa za hazina, na ikiisha unaingia kwenye limbikizo la faida. Sheria za nchi husema akaunti gani hasa itumike, kwa hiyo kwenye mtihani fuata sheria unayotahiniwa. Kanuni isiyohama ni kwamba taarifa ya faida haiguswi.

Baada ya mauzo hayo una hisa 300,000 za hazina kwa gharama ya Sh2,400,000, wanahisa wana 4,700,000, na mtaji wote ni 53,200,000. Umepanda kwa 2,200,000, sawasawa na pesa zilizoingia benki. Ukipata tarakimu nyingine yoyote hapo, rudi nyuma. Mimi hupima kila hatua ya mada hii kwa swali moja: je, kuna pesa iliyovuka mlango kati ya kampuni na wanahisa? Julai ilivuka kutoka, mtaji ukashuka milioni 4. Oktoba haikuvuka, mtaji ukakaa. Januari ilivuka kuingia, ukapanda.

Kuna jambo umelikwepa ambalo naamini zoezi lako litalifikia kwenye ukurasa unaofuata: faida kwa kila hisa. Hapa mgawanyo na ununuzi wa hisa hutendewa tofauti kabisa, na ni sehemu ambayo hata wahasibu waliobobea huteleza.

Tuseme mwaka unaishia 31 Desemba, faida ya mwaka huu ni Sh9,500,000, na ya mwaka jana ilikuwa Sh8,500,000. Mwaka jana kampuni ilichapisha faida ya Sh8.50 kwa hisa, kwa hisa milioni moja. Mwaka huu ukigawa milioni 9.5 kwa hisa za baada ya mgawanyo utapata kama Sh2. Ukiziweka tarakimu hizo kando kwa kando, msomaji ataona anguko kutoka 8.50 hadi 2, wakati faida imeongezeka.

Kwa hiyo IAS 33 inadai mgawanyo urudishwe nyuma katika vipindi vyote vinavyoonyeshwa, kana kwamba ulikuwepo tangu mwanzo. Mwaka jana hisa hazikuwa milioni moja tena kwa hesabu hii, zilikuwa milioni tano, na 8.50 inaandikwa upya kuwa 1.70. Hata mgawanyo ukifanyika baada ya mwaka kufungwa lakini kabla hesabu hazijaidhinishwa, bado unarudishwa nyuma. Coca-Cola hufuata kanuni za Marekani, si IAS, lakini nazo zinadai vivyo hivyo, ndiyo maana ilichapisha upya tarakimu za 2011.

Ununuzi wa Julai haurudishwi. Kabla ya 1 Julai pesa za wale wanahisa zilikuwa bado zinafanya kazi ndani ya kampuni, kwa hiyo hisa zao zinahesabiwa kwa muda zilipokuwa nje. Miezi sita ya kwanza hisa ni 5,000,000 kwa kipimo cha baada ya mgawanyo, miezi sita ya pili ni 4,500,000. Wastani wake ni 4,750,000. Gawa 9,500,000 kwa hizo, unapata Sh2.00 kamili. Ukilinganisha na 1.70 unaona ongezeko la kama asilimia 18, ilhali faida yenyewe imekua kwa kama asilimia 12. Ile tofauti imeletwa na kupungua kwa hisa. Hakuna udanganyifu hapo, ila mwekezaji makini anataka kujua ni kiasi gani cha ukuaji kimetoka kwenye biashara na kiasi gani kimetoka kwenye hesabu ya kugawanya. Mwanafunzi anayekumbuka kupima kwa miezi lakini akasahau kuzidisha nusu ya kwanza kwa tano hupata wastani wa hisa 2,750,000, na faida kwa hisa ya 3.45. Ukiona tarakimu ya ajabu iliyokaa katikati ya ya zamani na mpya, mara nyingi ni hilo.

Na thamani ya kitabu kwa kila hisa? Kabla ya Julai ilikuwa Sh55, yaani milioni 55 kwa hisa milioni moja. Baada ya kununua ni milioni 51 kwa hisa 900,000, karibu Sh56.67. Imepanda, ingawa mtaji umeshuka, kwa sababu kampuni ilinunua kwa Sh40 kitu kilichokuwa na Sh55 vitabuni, na waliobaki wakagawana tofauti hiyo. Ingenunua kwa Sh90, ingeshuka. Mgawanyo wenyewe unaigawa kwa tano tu, ikawa karibu 11.33, na mwenye hisa 100 zenye jumla ya Sh5,667 sasa ana 500 zenye jumla ileile. Hakikisha unagawa kwa hisa za wanahisa, si kwa zilizotolewa. Kampuni kama Coca-Cola, ambayo mwisho wa 2012 zaidi ya theluthi ya hisa zake zilikuwa hazina, ukikosea hapo unakosea sana: milioni 7,040 zilizotolewa, lakini mikononi mwa watu milioni 4,469 tu.

Kwetu huku ununuzi wa hisa za kampuni yenyewe bado ni mgeni. Sheria ya Makampuni ya Kenya ya 2015 ndiyo iliyoufungulia njia, na kampuni ya kwanza kwenye Soko la Hisa la Nairobi kuutumia ilikuwa Nation Media Group mwaka 2021, ilipojitolea kununua hadi asilimia 10 ya hisa zake kwa Sh25 kila moja. Wanahisa waliuza kama hisa milioni 17.1. Zidisha mwenyewe uone: karibu Sh milioni 428 zilivuka mlango. Ukisoma hesabu za kampuni yoyote iliyofanya hivi, tafuta kwanza kama hisa zimehifadhiwa au zimefutwa, maana njia hizo mbili hazionekani sawa. Apple kwa mfano huzifuta. Ndiyo maana huoni mstari wa hisa za hazina kwenye mizania yake, na badala yake ununuzi hukata moja kwa moja faida iliyolimbikizwa, kiasi kwamba mwisho wa mwaka wake wa fedha wa 2022 mstari huo ulikuwa hasi. Apple hiyohiyo iligawanya hisa zake moja kwa nne mwaka 2020, na mgawanyo huo haukuchangia chochote kwenye uhasi huo.

Limebaki gawio la Machi, na nahisi umeliandika Sh5,000,000. Usilipe hazina. Hisa zilizo mikononi mwa wanahisa siku hiyo ni zile 4,500,000 pamoja na 200,000 zilizouzwa Januari, ambazo sasa zina mwenyewe na zina haki zote. Jumla 4,700,000, kwa Sh1 ni Sh4,700,000: debiti Limbikizo la faida, krediti Gawio linalodaiwa. Mtaji wako unashuka kutoka 53,200,000 hadi 48,500,000 siku gawio linapoidhinishwa, hata kabla hundi hazijatoka, kwa sababu kuanzia hapo wanahisa wanaidai kampuni.